Shajara ya madeni: dogo kwanza au kali kwanza? (Mwanza, Machi hadi Agosti 2025)

Jumapili 2 Machi

Leo naanza rasmi. Kila mwaka nasema mwaka huu namaliza madeni halafu Desemba inanikuta nayo na mengine yameshazaa, sasa safari hii naandika kila kitu kwenye kauntabuku na hapa naweka yale yenye maana.

Kazi yangu dagaa. Nanunua Mwaloni pale Kirumba, mara moja moja nafuata mwenyewe Ukerewe, nauza kwa wanaosafirisha. Aliyewahi kufanya dagaa anajua hela yake inafuata mwezi wa angani, wa kalenda haina habari nao. Giza likiwepo mitumbwi inaingia na taa, dagaa wanafuata mwanga, mzigo unakuja. Mbalamwezi ikichanua taa haina kazi tena, mitumbwi inalala ufukweni na sisi tunalala nayo. Hilo mlikumbuke maana huko mbele litanivurugia hesabu.

Madeni yako matano. Wifi yangu ananidai 150,000, riba hakuna, alinisaidia tu mwaka jana mzigo uliponiharibikia. Kausha damu nilichukua 500,000 narudisha 650,000 kwa wiki 13, elfu 50 kila Alhamisi, nimebakiza wiki 7 yaani 350,000. Kikoba 400,000, riba asilimia 5 kwa mwezi ya kile kilichobaki, mtaji narudisha muda wowote ilimradi iwe kabla hatujavunja Desemba. Kuna mzee mmoja mkopeshaji wa mtaani, 700,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi, huyu ameshikilia kadi ya pikipiki ya baba Kulwa. Halafu SACCOS 1,200,000 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, rejesho elfu 70.

SACCOS naiweka pembeni, inaendelea na elfu 70 yake kama kawaida. Ndiyo deni kubwa kuliko yote na ndiyo yenye riba ndogo kati ya yanayotoza riba, kwa hiyo kwa njia yoyote itasubiri. Nikishatoa chakula, kodi, ada za watoto na hiyo elfu 70, nabaki na kama 400,000 kwa mwezi ya kupambana na hayo manne.

Njia zenyewe ni mbili, zimetoka kwa Wamarekani. Moja wanaita snoboli, yaani donge la theluji, unalipa kiwango cha chini kwenye madeni yote halafu kila shilingi ya ziada inaenda kwenye deni DOGO mpaka life, kisha hela yote iliyokuwa inaenda kule unaihamishia kwenye dogo linalofuata. Dave Ramsey, mtangazaji wao wa mambo ya hela, ndo kaipigia debe sana. Ya pili avalanshi, yaani maporomoko ya theluji, mtindo uleule ila ziada inaenda kwenye deni lenye riba kali kuliko yote. Sasa habari za theluji huku kwetu nani anazijua, mie nitaziita dogo kwanza na kali kwanza.

Alhamisi 6 Machi

Leo siku ya rejesho. Jana usiku nilikuwa nimeshapanga kwamba kali kuliko yote ni kausha damu, maana ukiipigia hesabu vizuri, 500,000 uliyoianza kuirudisha wiki ya kwanza tu, ile 150,000 ya juu inakuwa kama asilimia 4 kwa WIKI ya kile unachokuwa bado unacho mkononi. Kwa wiki jamani. Mzee wa asilimia 10 kwa mwezi anaonekana malaika pale. Nikasema basi ziada yote huku.

Ila kabla sijatoa nikamuuliza afisa mikopo, samahani kaka, mfano leo nikakulipa yote iliyobaki nikafunga, napunguziwa kiasi gani? Akanicheka. "Hupunguziwi mama, 350 ni 350, ulipe leo ulipe kwa wiki saba."

Hapo ndo nikashtuka. Riba ya hili deni ilishahesabiwa siku ya kwanza ikapachikwa kwenye marejesho, nilishaimeza. Nikiwahi kulipa simwokolei mtu chochote zaidi ya kumpa yeye hela yangu mapema. Kwa hiyo ile asilimia 4 kwa wiki ni kweli kabisa kwa anayefikiria KUKOPA, lakini kwa niliyekwisha kukopa na hakuna punguzo, riba ya kulipa mapema ni sifuri. Sawasawa na wifi! Kinachouma kule ni faini tu, elfu 5 kwa kila siku ya kuchelewa.

Naona watu wengi wanapanga kali kwanza kwa kuangalia asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi, na huku kwetu hiyo inadanganya, maana mikopo mingi midogo ni ya namna hii, riba imeshafungwa. Swali la kumuuliza kila anayekudai ni moja: nikikupa laki moja ya ziada leo, mwezi ujao utanidai pungufu kiasi gani? Jibu lake ndo riba yako.

Jumamosi 8 Machi

Swali hilohilo nimempelekea mzee. Shikamoo nyingi, kahawa, habari za nyumbani, halafu nikalitupa: mzee wangu nikikuletea laki moja juu ya riba, mwezi wa nne riba yangu inakuwa ngapi? Akazungukazunguka. Mwanzo akataka iendelee kuwa elfu 70 mpaka 700,000 iishe yote, nikamwambia basi sitaleta kidogo kidogo, utakaa na riba yako na mtaji utausubiri. Mtu wa riba anapenda riba ila anaogopa pia mtaji upotee. Mwishowe kakubali asilimia 10 ihesabiwe kwa kilichobaki, kwa sharti mtaji nisipunguze chini ya elfu 50 kwa mara moja. Tumeandika kwenye daftari lake, tumesaini wote wawili na mwanae kashuhudia. Nimepiga picha.

Kumbe hapo kabla ya mazungumzo deni hili nalo lilikuwa halina faida kulipunguza nusunusu. Maneno ya dakika ishirini ndo yameligeuza kuwa deni kali linaloweza kupigwa.

(Na ndio, najua Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo waliosajiliwa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Huyu hajasajiliwa popote, na mimi ndiye niliyemfuata kwake, tuachane nalo.)

Jumapili 9 Machi

Leo sijaenda sokoni, nimekaa na kauntabuku. Nimechukulia kila mwezi napata 400,000 kamili, kausha damu inaenda kwa ratiba yake, elfu 200 Machi na 150 Aprili.

Kali kwanza. Machi: kausha damu 200,000, riba ya kikoba 20,000, riba ya mzee 70,000, jumla 290,000, inabaki 110,000 inakwenda kwa mzee, anashuka 590,000. Aprili riba yake imeshakuwa 59,000, namshusha mpaka 419,000. Mei hakuna tena kausha damu, namshusha mpaka 80,900. Juni namfunga na inayobaki naishindilia kikoba, Julai naua kikoba na wifi kwa pamoja, mkononi nabaki na kama 135,500.

Dogo kwanza. Machi ile 110,000 inakwenda kwa wifi, Aprili wifi ameisha na kikoba kimeanza kupungua, Mei kikoba kimeisha, halafu ndo namgeukia mzee ambaye muda wote huo ananila elfu 70 kila mwezi. Naye anaisha Julai. Mkononi nabaki na kama 36,500.

Zote zinaisha mwezi mmoja! Tofauti ni 99,000. Kwa kali kwanza riba nitakayolipa kuanzia leo ni kama 264,000, kwa dogo kwanza kama 363,000.

Nimemwonyesha baba Kulwa. Akaangalia akasema "sasa mama Kulwa, kwa hiyo njia yako mpaka mwisho wa mwezi wa tano tutakuwa tumeshalipa zaidi ya milioni na deni pekee lililokufa ni lile la Alhamisi ambalo lingekufa lenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema haya, ila alivyoitikia nilijua hajakubali.

Mie 99,000 siiachii. Ni ndoo kadhaa za dagaa hizo. Naanza kali kwanza.

Jumatatu 31 Machi

Mwezi wa kwanza umeenda kwenye mstari. Mbalamwezi ilikuwa tarehe 14 na rejesho la kausha damu lilikuwa tarehe 13, siku ambayo soko lilikuwa kavu kabisa, ila elfu 50 ya wiki ile nilikuwa nimeitenga toka giza la mwanzo wa mwezi. Mzee nimempa 180,000, riba 70 na mtaji 110, kaandika 590,000.

Hali ya moyo: sijisikii chochote. Kweli kabisa. 700 imekuwa 590 na kadi ya pikipiki bado iko kwake, wifi bado namkwepa kanisani, kikoba bado 400,000. Najua hesabu iko upande wangu lakini ukiulizwa una madeni mangapi bado unajibu matano.

Jumatano 16 Aprili

Masika. Mvua inanyesha asubuhi, inanyesha jioni. Dagaa wa kukausha mchangani anahitaji jua, akilowana usiku mmoja anageuka rangi, anavunda, bei inaporomoka, mwingine unaishia kumuuza kwa watu wa chakula cha kuku kwa hela ya kukasirikia. Nimepoteza magunia mawili hivyo. Juu yake mbalamwezi ya tarehe 13 ikaangukia katikati ya Alhamisi mbili za rejesho. Kesho ndo rejesho la mwisho la kausha damu na hela nimeiazima kwenye hela ya chakula.

Alhamisi 17 Aprili

Imeisha!!! Nimesaini, nimechukua karatasi ya kumaliza deni, nimetoka pale nikatembea kwa mguu mpaka stendi bila sababu.

Sasa jambo la kushangaza. Kwa namba, deni hili halikuwa na riba ya kuokoa, ni lilelile nililosema ni sawasawa na la wifi. Ila furaha niliyonayo haifanani na ya kumaliza deni lolote. Nimekaa nikajiuliza kwa nini, na jibu nadhani ni hili: kilichokufa si 350,000, kilichokufa ni ALHAMISI. Elfu 200 kwa mwezi imerudi mikononi mwangu, na imerudi kwa namna ambayo hakuna mtu anayeidai siku maalum wakati mitumbwi imelala.

Wanaopenda dogo kwanza wanasema raha ni kuona idadi inapungua. Mie naona wanachanganya vitu viwili. Deni dogo la wifi nikilimaliza hakuna rejesho linalofunguka, hadai kila wiki. Kausha damu ni kubwa zaidi yake mara mbili na zaidi lakini ndiyo iliyokuwa inanibana shingo. Ningekuwa nina mikopo miwili ya kila wiki, hata kama haina riba ya kuokoa, ningefikiria sana kuanza na ule unaofungua rejesho kubwa kwa hela kidogo, siyo kwa ajili ya riba, kwa ajili ya kupumua wiki ya mbalamwezi na kukwepa ile faini ya elfu 5.

Jumatano 30 Aprili

Mwezi mbaya, badala ya 400,000 nimepata 260,000. Kausha damu 150, kikoba riba 20, mzee riba 59. Imebaki 31,000.

Nikampelekea mzee akaikataa. Mkataba tuliosaini unasema mtaji usiwe chini ya elfu 50, mwenyewe nilisaini. Nikarudi nayo nyumbani nikaiweka kwenye kopo niseme nitaongezea mwezi ujao.

Jumanne 6 Mei

Kopo ni tupu. Gesi iliisha, Doto akaumwa, nauli. Hakuna mtu aliyeiba, imejiendea tu.

Hili sikuliona kwenye hesabu zangu za Machi na nadhani ni udhaifu halisi wa kali kwanza kwa mtu wa kipato cha kupanda na kushuka. Deni kali mara nyingi lina masharti, kiwango cha chini, siku maalum, safari ya kwenda. Deni dogo la ndugu linapokea chochote, hata elfu 5 kwa simu. Ningekuwa kwenye dogo kwanza ile hela ya Aprili ingekwenda kwa wifi siku ileile na isingeonekana tena. Hata kwenye kali kwanza ningeweza kuitupia kikoba, asilimia 5 si haba, lakini nilishikilia kanuni kama mtoto wa shule: kali tu, kali tu. Elfu 31 imeniponyoka kwa ajili ya kuwa mkali wa kanuni.

Sheria mpya ya nyumba: ziada hailali ndani. Ikikataliwa kwenye deni la kwanza inakwenda la pili siku hiyohiyo.

Jumapili 11 Mei

Wifi kapiga simu. Hakudai. Ndo mbaya zaidi, angedai ningejitetea. Kasema tu "wifi, mtoto anarudi shule mwezi ujao, nilikuwa nasalimia." Baba Kulwa alikuwa pembeni, akanyamaza kabisa, na mie kunyamaza kwake nakujua, ni dada yake.

Usiku nikampigia mdogo wangu anayesoma chuo, SAUT, nikamwambia nisomee kama kuna waliochunguza hii kitu kisawasawa. Akakuta watafiti wawili, Gal na McShane, mwaka 2012, walitumia kumbukumbu za wateja wa kampuni ya kusaidia watu wenye madeni huko Marekani. Wakakuta kwamba waliokuwa wanafunga akaunti za madeni, moja baada ya nyingine, ndo waliokuwa na nafasi kubwa ya kumaliza yote, na kilichotabiri kilikuwa sehemu ya idadi ya madeni waliyofunga, hata ukiweka pembeni ukubwa wa hela zenyewe. Akanisomea na nyingine ya 2011, hao waliwapa watu mchezo wa kulipa madeni, wengi wakakimbilia madogo hata pale riba ilipoonekana wazi kwamba wanapoteza.

Mdogo wangu akasema "sasa dada wote wako sahihi." Nikamwambia hapana, ya kwanza inasema nani alimaliza na ya pili inasema nani alilipa zaidi, maswali mawili tofauti. Halafu hao wa kwanza ni watu waliokuwa wamekwama tayari mpaka wakatafuta msaada. Na anayefunga madeni haraka huenda ndo mwenye nidhamu au kipato kizuri toka mwanzo, kumbukumbu peke yake hazikuambii kipi kilivuta kipi. Akacheka, akasema ungesoma wewe.

Jumatatu 12 Mei

Leo mbalamwezi imejaa, soko limelala, nina muda. Nimepiga hesabu ya wifi peke yake badala ya kubishana njia gani nzuri kwa jumla. Mwisho wa Mei nikipata 400,000, nikitoa 20 ya kikoba na 59 ya mzee nabaki na 321,000. Nikiisukuma yote kwa mzee anabaki 269,000. Nikimlipa wifi kwanza 150,000 yake, mzee anabaki 419,000. Juni hiyo tofauti inanitoza elfu 15 ya riba, Julai elfu 8 na ushee, na kikoba nacho kinachelewa kufa kwa hiyo kinaongeza kama elfu 9 na nusu. Jumla kama 32,700.

Hiyo ndo bei. Kwa 32,700 nanunua kumlipa wifi mwezi huu badala ya kumkalisha mpaka Agosti. Tena kwa ukali wa kanuni yenyewe wifi angekaa hata baada ya SACCOS, maana riba yake ni sifuri na ya SACCOS ni 1.5, hapo sijui ningepita wapi kwenye ukoo huu.

Nikamwonyesha baba Kulwa namba hiyo moja tu. Akasema "lipa." Nikamwambia unajua ni elfu 32? Akasema anajua, na atapunguza vocha na kahawa za kijiweni mpaka irudi. Tutaona.

Jumamosi 31 Mei

Wifi 150,000 imekwenda. Kajibu kwa ujumbe wa sauti anacheka. Mzee kapata 59 riba na 171 mtaji, kimebaki 419,000.

Kitu ambacho hakimo kwenye hesabu: tangu siku ile baba Kulwa kila jioni ananiuliza mzee amebaki na ngapi. Kabla ya hapo alikuwa hataki hata kuliona daftari. Leo kaleta elfu 18 za pikipiki mwenyewe bila kuombwa, nimeziweka kwenye hesabu ya chakula ili 400,000 ya Juni isiguswe.

Jumatatu 30 Juni

Jua limerudi, dagaa wanakauka vizuri kwa siku moja. Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa tarehe 19 na wateja wangu wawili wa ng'ambo ya Sengerema wanavuka bila kusubiri kivuko, angalau sikai na mzigo wao.

Kikoba riba 20,000. Mzee riba 41,900 na mtaji 338,100, kimebaki 80,900. Riba ya mwezi ujao ni 8,090. Ndani ya miezi minne imetoka 70,000 kuja 8,090, na huku ndo kali kwanza inaanza kuonekana kwa macho, kwa sababu kila mwezi inayokwenda kwenye riba inapungua na inayokwenda kwenye mtaji inaongezeka bila mimi kuongeza kipato hata senti. Mwanzoni huoni. Mwezi wa tatu, wa nne, ndo unaona linaporomoka. Pengine ndo maana waliiita hivyo.

Alhamisi 31 Julai

Kadi ya pikipiki imerudi. Nilimpa mzee elfu 89 akatafuta chenji ya shilingi kumi nikamwambia aache. Nimeomba aandike kwenye daftari AMEMALIZA na tarehe, kasaini, picha nimepiga. Baba Kulwa kaifunika kadi kwenye nailoni kama cheti cha ndoa.

291,000 iliyobaki yote kikoba. Mweka hazina kaihesabu mara mbili mbele ya wanachama, kimebaki 109,000.

Jumapili 31 Agosti

Kikoba 109,000 na riba 5,450, kimekwisha. Madeni manne yamekufa, mkononi imebaki 285,550.

Nimerudia hesabu zote kwa kipato kilichotokea kweli, pamoja na ile Aprili ya 260,000, nione ningekuwa wapi. Riba niliyolipa kwa njia yangu ya mchanganyiko ni kama 343,400. Ningeshikilia kali kwanza bila kumlipa wifi mapema ingekuwa kama 310,700. Ningefuata dogo kwanza toka Machi ingekuwa kama 407,400, na kadi ya pikipiki ingerudi mwezi huu badala ya Julai. Kwa hiyo kwa dogo kwanza ningepoteza kama 64,000 zaidi ya nilivyopoteza, ila sitaki kujisifu, maana 31,000 ya kopo inatoka upande wangu na kwa dogo kwanza isingetoka. Tofauti halisi ya mfukoni ni 33,000. Ile 99,000 ya kwenye kauntabuku ya Machi ilikuwa ya mtu asiyenyeshewa mvua.

Na tofauti ingekuwa ndogo zaidi kama riba zingekaribiana. Mzee wa 10 na kikoba cha 5 wamepishana mara mbili, na aliyekuwa mkali ndiye aliyekuwa mkubwa, ndo maana mpangilio ulinilipa. Kama 700,000 ingekuwa ya kikoba na 400,000 ya mzee, njia zote mbili zingeanza na mzee kabla ya kikoba na ubishi ungebaki kwa wifi tu.

Sasa SACCOS. Kwa marejesho ya miezi hii sita imeshuka mpaka kama 876,000. Hii 285,550 nikiitia yote huko inaniokolea kama elfu 4 na mia tatu kwa mwezi, na mbalamwezi ijayo ni tarehe 7 Septemba. Nikiishiwa mtaji wa mzigo wiki hiyo najua ninakokimbilia, najua na siku yao ya rejesho. Kwa hiyo 150,000 nabaki nayo kama ya kununulia mzigo giza likianza na haiguswi kwa kingine, iliyobaki naipeleka SACCOS. Ila kwanza nakwenda kuuliza swali langu. Mama mmoja wa sokoni kaniambia kwao ukipeleka ziada bila barua wanaihesabu kama rejesho la mwezi ujao ulilowahi kulipa, mtaji unabaki palepale na riba palepale. Barua nimeshaiandika, nimeacha nafasi ya kujaza kiasi.